Tangazo la burse: kijana wa Karavia ajue kwa mstari wa kwanza kama linamhusu

Kila mwaka, kuanzia katikati ya Januari, tangazo moja linazunguka katika simu za Lubumbashi. Ni la burse ya serikali ya Uturuki, inayojulikana kwa jina la Türkiye Bursları. Linafika Karavia, kando ya ziwa na hoteli kubwa, sawa na linavyofika Katuba, Kenya na Ruashi: kupitia kundi la WhatsApp la kanisa, la familia au la wanafunzi wa mwaka mmoja. Burse yenyewe ni ya kweli. Inalipa masomo ya chuo kikuu, inatoa pesa kila mwezi, nyumba, bima ya afya, tiketi ya ndege ya kwenda na ya kurudi, pamoja na mwaka mmoja wa kujifunza Kituruki. Kuomba ni bure.

Shida iko katika tangazo. Mara nyingi linaandikwa kwa namna hii: «Nafasi ya dhahabu kwa vijana wa Congo!!! Serikali ya Uturuki inatoa burse 100%. Ndege bure, nyumba bure, pesa kila mwezi. Vyuo vikuu bora vya Ulaya na Asia. Usikubali nafasi hii ikupite, ndoto yako inaweza kutimia mwaka huu. Wapashe ndugu na rafiki. Bachela, masta na doktora. Masharti yapo. Haraka, siku zimebaki chache!» Chini kabisa kuna adresi ndefu ya intaneti, na mara nyingine hakuna adresi, ila picha yenye bendera na maneno madogo yasiyosomeka.

Maneno hayo yote hayana uongo mkubwa. Lakini kijana akiyasoma hajui bado mambo matatu aliyoyahitaji: kama yeye anaruhusiwa, mwisho ni siku gani, na anaomba wapi. Na WhatsApp inakata ujumbe mrefu katikati na kuweka «Lire la suite». Sehemu inayoonekana kabla ya kukatwa imejaa dhahabu na ndoto. Sharti la umri, kama lipo, limebaki chini, mahali ambapo kidole hakifiki.

Achukuliwe kijana wa mfano, mkaaji wa Karavia, mwenye miaka 22. Alipata diploma ya Serikali miaka mitatu iliyopita kwa pointi 61. Tangazo linamfikia tarehe 5 Februari. Anaomba pesa kwa mjomba, ananunua mega, anaenda kutengenezesha picha na kuskani diploma. Kuna foleni, umeme unakatika, anarudi kesho yake. Siku ya tatu, akiwa mbele ya mashine, ndipo anasoma masharti kwenye ukurasa wenyewe: kwa masomo ya kwanza ya chuo kikuu, mwombaji awe chini ya miaka 21, na awe na angalau asilimia 70. Alikosa mara mbili kabla hajaanza. Pesa ya mjomba hairudi, na mwaka ujao tangazo la burse ambayo kweli inamfaa likimfikia, atalipita bila kulifungua.

Ndiyo maana tangazo zuri la burse lazima lianze kwa kumzuia asiyehusika. Wengi wanaona jambo hilo kuwa ubaya. Wanafikiri tangazo ni mwaliko, na mwaliko hautaji kwanza wale wasioalikwa. Lakini burse si harusi. Ina mlango mwembamba uliopimwa kwa miaka ya kuzaliwa, kwa pointi na kwa aina ya karatasi, na yule anayesambaza habari anaujua mlango huo, au angepaswa kuujua kabla ya kubonyeza. Mistari miwili ya masharti juu kabisa ingemwokoa kijana wa Karavia siku tatu na pesa zake zote.

Kuandika masharti hayo upya kunahitaji kazi kidogo, kwa sababu kuyanakili tu hakutoshi. Yameandikwa kwa ajili ya dunia nzima, na mtu wa Lubumbashi anayasoma kwa macho ya shule za Congo. Umri ni mfano wa kwanza. «Chini ya miaka 21» ni maneno rahisi, lakini ni chini ya 21 siku gani? Siku ya kuomba, siku ya mwisho, au mwanzo wa mwaka? Anayeandika upya atafute jibu kwenye ukurasa wa masharti wa mwaka ule, kisha aandike tarehe ya kuzaliwa: «uwe umezaliwa tarehe fulani au baada yake». Mtu anajua tarehe yake ya kuzaliwa bila kupiga hesabu. Kwa masta kipimo ni chini ya miaka 30, kwa doktora chini ya 35, na kila kimoja kigeuzwe hivyo hivyo.

Pointi zinahitaji uangalifu zaidi. Katika Congo, aliyefaulu mtihani wa Serikali kwa pointi 55 anamwagiwa pauda kichwani na mtaa mzima unaimba. Hana sababu ya kufikiri kwamba pointi zake ni chache. Asilimia 70 ni kiwango cha chini cha kuomba masomo ya kwanza ya chuo kikuu. Kwa masta na doktora ni 75. Na anayetaka udaktari, meno au famasia anaombwa 90. Namba hizo lazima zitoke wazi, kila moja kando ya masomo yake. Lakini hapa anayefupisha anaweza kukosea upande wa pili. Akiandika «pointi 70 kwenye mtihani wa Serikali» tu, atawafukuza watu wanaoruhusiwa, kwa maana programu ile inaweza kuangalia pointi za diploma, matokeo ya mtihani wa kitaifa, au wastani wa masomo. Mwanafunzi aliye bado katika mwaka wa mwisho naye anaruhusiwa kuomba. Hayo yakiachwa, ufupi wa tangazo unakuwa mlango mwingine uliofungwa bila haki.

Halafu kuna majina ya karatasi, na hapo ndipo matangazo mengi yaliyotafsiriwa kutoka Kiingereza au Kifaransa yanawapoteza Wakongomani. Tangazo linasema «bachela». Mwingine anasikia bakalorea, yaani diploma ya kumaliza sekondari, na mwingine anasikia cheti cha chuo kikuu. Linasema «lisansi». Katika mfumo wa zamani wa Congo mtu alisoma miaka mitatu akapata gradua, akaongeza miaka miwili akapata lisansi: jumla miaka mitano. Katika mfumo wa LMD, unaofuatwa sasa, lisansi ni miaka mitatu. Kwa hiyo watu wawili wa nyumba moja Karavia, kaka aliyesoma zamani na mdogo wake aliye chuoni leo, wanaposoma «uwe na lisansi» wanaelewa vitu viwili tofauti. Na yule mwenye gradua ya zamani, aliyesoma miaka mitatu kamili, hajui kama anahesabiwa.

Dawa ya jambo hilo ni kutaja miaka pamoja na jina. «Kwa masta: uwe umemaliza chuo kikuu, lisansi ya LMD ya miaka mitatu au lisansi ya zamani ya miaka mitano.» Kuhusu gradua, anayeandika asijibu kwa kubahatisha. Aulize kwenye adresi ya maswali ya programu, au aandike wazi kwamba mwenye gradua aulize kwanza kabla ya kulipia tafsiri ya karatasi zake. Sentensi hiyo moja haina uzuri wowote, lakini inaweza kumkinga mtu na hasara ya mwezi mzima.

Tarehe ya mwisho nayo watu wanaidhania ni jambo jepesi. Tangazo linasema «siku zimebaki chache». Chache kutoka lini? Ujumbe ulioandikwa Januari unaweza kufika Karavia Machi, au Januari ya mwaka mwingine, na maneno hayo yatabaki vilevile. Kwa burse ya Uturuki, mlango wa mwaka 2025 ulifunguliwa tarehe 10 Januari ukafungwa tarehe 20 Februari. Mwaka 2024 ilikuwa siku hizo hizo. Kwa sababu hiyo ujumbe wa zamani unaonekana mpya, na mtu hajui kama anasoma habari ya mwaka huu au maiti ya mwaka uliopita.

Lakini si kila burse inashika tarehe zake. Mfano mzuri ni Chevening, burse ya serikali ya Uingereza kwa masomo ya masta ya mwaka mmoja, ambayo Wakongomani wanaruhusiwa kuiomba. Mwaka 2024 ilifungwa tarehe 5 Novemba. Mwaka 2025 ilifungwa tarehe 7 Oktoba, karibu mwezi mzima mapema. Aliyehifadhi tangazo la 2024 katika simu na kujipangia kwa kumbukumbu alifika mlango umekwisha kufungwa. Hakufanya uzembe. Alisoma tangazo lisilokuwa na mwaka.

Saa nazo zinadanganya. Chevening ilifunga saa 12:00 kwa saa ya dunia, ile inayoandikwa UTC. Congo ina saa mbili: Lubumbashi iko mbele ya saa hiyo kwa saa mbili, Kinshasa kwa saa moja. Kwa hiyo mwisho wa kweli ulikuwa 14h00 Lubumbashi na 13h00 Kinshasa, mchana kweupe, si usiku wa manane kama wengi wanavyodhani wanaposoma tarehe peke yake. Na mtu akiandika kwa Kiswahili «saa sita», mmoja ataelewa mchana, mwingine asubuhi kwa hesabu ya Kifaransa, mwingine jioni. Katika tangazo la burse ni bora kuandika 14h00, kama kwenye tiketi ya basi, na kutaja muji kando yake. Uturuki yenyewe iko mbele ya Lubumbashi kwa saa moja, maana yake siku ya mwisho ya Uturuki inaisha Lubumbashi ikiwa bado 23h00 na Kinshasa 22h00.

Tarehe iandikwe kwa jina la siku na jina la mwezi: «Jumanne tarehe 7 Oktoba 2025». Ikiandikwa 7/10 tu, aliyezoea matangazo ya Amerika, ambako mwezi unatangulia, atasoma tarehe 10 Julai. Jina la siku linasaidia pia kugundua kosa: kama tangazo linasema Jumanne na kalenda inaonyesha Ijumaa, basi kuna mwaka au tarehe iliyokosewa, na mtu atasimama kabla ya kusambaza.

Baada ya hapo inabaki njia ya kuomba. Kwa burse ya Uturuki njia ni moja tu: mtu anafungua akaunti kwenye tbbs.turkiyeburslari.gov.tr, anajaza, anapakia karatasi zake, anatuma. Hakuna dosie ya kupeleka kwa mkono, wala kwa ubalozi, na hakuna pesa ya kulipa. Maneno «ni bure» na «hakuna mtu wa katikati» yakikosekana katika tangazo, pengo lao linajazwa haraka na yule anayejitolea kumsaidia kijana kwa dola ishirini za «kufungua dosie». Tangazo linaloishia kwa namba ya simu ya mtu, bila adresi ya programu yenyewe, linastahili kutiliwa shaka hata kama limetoka kwa shemeji.

Adresi iwe maandishi, isiwe picha. Juu ya picha haiguswi, hainakiliki, na kijana akiikopi kwa mkono akaacha herufi moja anaweza kuangukia ukurasa wa mwizi. Na kando ya adresi ziwekwe karatasi za kutayarisha, kwa sababu ndizo zinazokula siku: pasipoti au kitambulisho, picha, diploma au karatasi inayoonyesha kwamba mtu amefaulu au yuko mwaka wa mwisho, na pointi za masomo. Katika Congo diploma yenyewe inaweza kuchelewa miaka. Kijana ajue tangu mwanzo kwamba cheti cha muda cha kufaulu kinaweza kutumika, asikate tamaa kwa sababu hana karatasi ngumu mkononi.

Yote hayo yakikusanywa, tangazo la Uturuki la mwaka 2025 lingeweza kuandikwa hivi:

«BURSE YA UTURUKI 2025. MWISHO: Alhamisi tarehe 20 Februari 2025. Usingoje jioni ya siku hiyo.

Inakuhusu kama una: chini ya miaka 21 na angalau 70% (kuanza chuo kikuu, 90% kwa udaktari, meno, famasia), chini ya 30 na 75% (masta), chini ya 35 na 75% (doktora). Pointi zinaweza kuwa za diploma, za mtihani wa kitaifa au wastani wa masomo. Aliye mwaka wa mwisho anaruhusiwa. Kama hauko humo, burse hii si yako mwaka huu.

Kuomba: tbbs.turkiyeburslari.gov.tr tu. Ni bure. Hakuna wa kumlipa, hakuna dosie ya kupeleka kwa mkono.

Tayarisha: pasipoti au kitambulisho, picha, diploma au cheti cha kufaulu, pointi za masomo.

Inalipa: masomo, nyumba, pesa ya kila mwezi, bima, ndege, mwaka wa Kituruki.

Masharti yalisomwa kwenye ukurasa wa programu tarehe: ...»

Kile ambacho tangazo la kwanza lilianza nacho, yaani ndege na nyumba na pesa, hapa kimekuwa karibu mstari wa mwisho. Hakuna aliyepoteza kitu. Yule anayeruhusiwa atasoma mpaka chini kwa hamu yake mwenyewe, na asiyeruhusiwa hakuhitaji kujua kwamba ndege ni bure. Nafasi ile yenye nukta tatu mwishoni ijazwe na kila anayeandika upya. Inamwambia msomaji habari ina umri gani, na inamlazimisha mwandishi kufungua kweli ukurasa wa programu badala ya kunakili ujumbe wa jirani.

Wapo watakaosema kwamba kazi hii ni ya bure, kwa kuwa adresi imewekwa na kila mtu anaweza kwenda kujisomea. Hoja hiyo inamfaa mwenye intaneti ya ofisini. Kwa kijana wa Karavia kila ukurasa unaofunguka unakula mega, na ukurasa wa masharti mara nyingi uko kwa Kiingereza. Mmoja aliyefungua na kuelewa anaweza kuwasomea mia mbili walio katika kundi. Kama hana dakika kumi na tano za kufanya hivyo, afadhali asisambaze.

Hoja nyingine ina uzito zaidi: mwenye pointi 68 anaweza kuvunjika moyo kwa mstari wa pili, wakati pengine kuna njia nyingine. Ni kweli. Lakini njia hiyo haipatikani kwa kumficha sharti. Inapatikana kwa kumtajia burse nyingine katika ujumbe mwingine. Chevening, kwa mfano, haina kikomo cha umri. Inachotaka ni cheti cha chuo kikuu kinachotosha kuingia masta Uingereza, kazi ya miaka miwili, inayohesabiwa kuwa saa 2,800, na ahadi ya kurudi katika inchi yake kwa angalau miaka miwili baada ya masomo. Mtu wa miaka 36 ambaye tangazo la Uturuki linamkataa anaweza kujiona katika lile la Chevening, kama nalo limeandikwa ili ajione.

Linabaki jambo la ujumbe uliokwisha kutoka. WhatsApp inaruhusu kurekebisha ujumbe kwa dakika 15 tu baada ya kuutuma, na nakala ambazo wengine wamekwisha kuzipeleka mbele hazibadiliki hata hapo. Tarehe iliyokosewa saa nne za asubuhi haiwezi kurudishwa saa sita. Inaweza tu kufuatwa na ujumbe mwingine unaoanza kwa neno «KOSA» na kutaja tarehe ya kweli. Na siku burse inapofungwa, aliyeituma katika kundi arudi huko huko, ajibu ujumbe wake mwenyewe kwa mstari mmoja: «Burse ya Uturuki 2025 imefungwa leo.» Atakayeufungua katikati ya Machi, akiwa foleni ya kuskani diploma, ataukuta mstari huo chini yake.